Nasukutua koo kila siku mpaka meno yamebadilika rangi, na mama mkwe anamsukutua mwanangu kwa dawa ya vidonda

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina miaka 33, watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 na mdogo ana miezi minne bado ananyonya.

Mwezi wa pili niling'olewa gego, daktari wa meno akanipa dawa ya kusukutua ya klorheksidini akasema nitumie wiki moja. Kidonda kikapona vizuri tu ila nikaona na koo limetulia, manake mimi koo linaniwasha karibu kila siku nikitoka darasani, basi nikaendelea kununua mwenyewe duka la dawa, asubuhi na jioni nasukutua mpaka kooni, sasa ni mwezi wa tatu huu. Meno yameota madoa ya kahawia kwa pembeni, na mume wangu analalamika chakula nakijaza chumvi wakati mimi nakionja naona hakina kitu.

Wiki mbili zilizopita mama mkwe alikuja kukaa nasi kusaidia mtoto. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi, anaheshimika sana kwao kwa mambo ya dawa. Akaniambia achana na hiyo ya meno, akatoa chupa ya ile dawa ya kahawia ya vidonda, povidoni, anachanganya na maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, nasukutua mara tatu kwa siku. Mwanangu mkubwa naye alikuwa na koo, homa kali, mafindofindo yana vitu vyeupe, hakuwa na kikohozi. Nilitaka kumpeleka zahanati, mama akasema hapana, akamsukutua siku nne homa ikaisha. Hii ni mara ya tatu toka Januari na zote alipona hivyohivyo. Sasa hivi yuko vizuri, anacheza, ila analalamika magoti, leo hili kesho lile, nadhani ni mpira.

Shida yangu ni kwamba moyo wangu hauko sawa na hii chupa ila nikimgomea mama itaonekana nimemdharau, na mume wangu yuko upande wa mama yake, anasema dawa si imefanya kazi? Au nimwachishe mdogo ziwa niendelee na dawa? Naomba ushauri wako dada, jina langu usiandike.

Mwalimu, Mwanza

*

Marahaba mwalimu. Kwanza yale magoti. Nilishakuandikia pembeni siku ileile barua ilipofika na narudia hapa kwa ajili ya wengine wenye watoto wa umri huo, maana umeyataja kama kitu cha kupita tu na mimi ndiyo yalinikosesha usingizi.

Mtoto wa miaka 8, koo lenye homa kali na vitu vyeupe kwenye mafindofindo bila kikohozi, halafu wiki mbili hivi baadaye magoti yanauma kwa kuhama, leo kulia kesho kushoto. Inaweza kuwa mpira kweli, watoto wanaanguka kila siku. Lakini ndivyo pia inavyoanza homa ya rumatiki, ile inayotokea pale mwili uliopigana na bakteria wa koo anayeitwa streptokoka unapogeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe, magoti, vifundo vya miguu, viwiko, na mbaya zaidi milango ya moyo. Huwa inakuja wiki mbili tatu baada ya koo kupona, wakati nyumbani kila mtu ameshasahau kama kulikuwa na koo. Kwa hiyo hapo sina mawili, mtoto aonekane na daktari, siyo wiki ijayo. Mwambie daktari habari yote kwa mpangilio, koo lilianza lini, homa siku ngapi, mara ngapi toka Januari, goti gani lilianza. Angalia kama goti limevimba au lina joto ukiligusa, angalia kama anachoka akipanda ngazi au anahema akilala chali, angalia mwandiko wake na mikono, kama kuna kurukaruka ambako hakuzuii. Na tafadhali usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kabla hajaonwa, maumivu ya rumatiki yanayeyuka haraka sana kwa dawa hizo na daktari atakuta goti zuri kabisa halafu mtarudishwa nyumbani. Akilia maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Sasa tuje kwenye swali la mumeo, maana ni swali la haki na watu wengi sana wananiuliza hivyohivyo kaunta pale duka la dawa, dawa si imefanya kazi? Homa imeisha, mtoto anacheza.

Mwalimu, koo la kawaida lina tabia moja, linapona lenyewe. Makoo mengi husababishwa na virusi, na hata lile la streptokoka homa yake kwa kawaida inashuka ndani ya siku tatu mpaka tano hata usipompa mtoto kitu chochote, na ndani ya wiki linakuwa limetulia. Kwa hiyo chochote ulichokuwa nacho mkononi siku ya nne ndicho kitapewa sifa, iwe povidoni, iwe tangawizi, iwe ndimu na chumvi. Mama mkwe wako hadanganyi hata kidogo, ameona kwa macho yake mtoto akipona. Kitu ambacho macho hayaoni ni kilichobaki baada ya koo kupona.

Nikueleze dawa hizi zinafika wapi. Ukisukutua, dawa inagusa ulimi, mashavu kwa ndani, fizi, na ukiinamisha kichwa nyuma ukatoa ule mlio inagusa sehemu ya mbele ya koo na uso wa mafindofindo. Hapo kwenye uso inaua kweli, povidoni inaua bakteria na virusi vingi kwa sekunde chache tu, hilo silibishi. Ila mafindofindo siyo kama sahani bapa, yana vishimo vinaingia ndani, na bakteria wanakaa humo ndani na ndani ya nyama yenyewe iliyovimba. Dawa haifiki huko. Unaosha mlango wa nyumba na wenyeji wako chumbani, na baada ya saa chache mdomo unajaa tena vijidudu kama ulivyokuwa.

Kinachozuia homa ya rumatiki ni antibayotiki inayoingia kwenye damu, penisilini ya sindano mara moja, au vidonge vya penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili, na nafasi ipo mpaka siku ya 9 tangu koo lianze. Yaani hata kama nyumbani mlisukutua siku tatu nne mkaona bado, bado hamjachelewa kwenda. Ndiyo maana simlaumu mtu aliyeanza na maji ya chumvi usiku wa kwanza, shida inaanza pale kusukutua kunapokuwa sababu ya kutokwenda kabisa. Na siyo kila koo la mtoto linahitaji sindano, isije ikawa sasa kila akikohoa mnakimbilia penisilini. Kati ya watoto 10 wenye koo wawili watatu hivi ndio wana streptokoka. Mwenye mafua, kikohozi, sauti imekauka na macho mekundu mara nyingi ni virusi tu. Yule wa homa, mafindofindo yenye weupe, tezi za shingo kwa mbele zinauma ukizigusa na hakuna kikohozi, yule ndiye wa kupelekwa, na mwanao alikuwa na dalili hizo karibu zote kwa maelezo yako. Ukienda pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, utakuta vijana wadogo wanafanyiwa upasuaji wa milango ya moyo kwa sababu ya ugonjwa huu, na ukiwauliza wazazi wengi hawakumbuki kama kuliwahi kuwa na koo.

Halafu ile chupa yenyewe. Kuna povidoni za aina tatu ambazo kwa rangi huwezi kuzitofautisha. Kuna ya kusukutua, hiyo ni asilimia 1, imeandikwa ni ya mdomo na koo. Kuna ya vidonda, asilimia 10, imeandikwa ya kupaka nje ya mwili tu, ndiyo nadhani mama anayo. Na kuna ya kunawia mikono kabla ya upasuaji, asilimia 7.5, ina sabuni ndani, hiyo ikiingia kooni kwa mtoto inachoma na akiivuta kwenye mapafu ni hatari kabisa. Mama aliyefanya kazi wodini anaweza kuwa na yoyote kati ya mbili za mwisho. Chukua chupa ugeuze usome asilimia. Nimeshawahi kuletewa kaunta chupa ya maji iliyobandikwa plasta imeandikwa kwa kalamu "ya koo", ndani kuna dawa ya kunawia, bibi wa watu alikuwa ananunua kwa kupimiwa na hakujua, mdomo wote ndani umebabuka ngozi nyeupe.

Kuchanganya kwa rangi ya chai nako kuna shida yake. Chai ya rangi ya asubuhi mwanga mzuri na chai ya rangi ya jioni umeme umekatika siyo chai moja, na jikoni siku hiyo kikombe ni kidogo kesho kikubwa. Siku nyingine unapata hafifu sana, siku nyingine kali ya kuchoma. Ile ya kusukutua haina kazi hii, iko tayari, mtu mzima anachukua mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, anasukutua nusu dakika, anatema yote, anaweza kurudia kila baada ya saa nne akiwa na uhitaji, na haizidi siku 14. Mtoto chini ya miaka 6 haipewi, na hata wa miaka 8 lazima awe anajua kweli kutema bila kumeza, mjaribu kwanza kwa maji.

Ila kwako wewe mwalimu hata hiyo ya asilimia 1 siyo yako kwa sasa, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Povidoni hii ina madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi. Mama anayenyonyesha anahitaji kama maikrogramu 250 kwa siku, kitu kidogo sana. Mililita 10 za ile ya kusukutua zina kama miligramu 10 za madini joto, yaani maikrogramu 10,000, mara 40 ya mahitaji yako ya siku nzima kwenye fundo moja. Unatema nyingi, ndiyo, lakini nyama laini za mdomo zinanyonya kiasi, na kidogo unameza bila kujua, na wewe ni mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Maziwa ya mama yana tabia ya kuyavuta madini joto na kuyakusanya. Mtoto wa miezi minne tezi yake ya shingoni bado changa, ikimwagiwa madini mengi ghafla inaweza kusimamisha kazi, na tezi hiyo ndiyo inasukuma ukuaji wa ubongo wake.

Sasa usiogope ukapoteza usingizi. Wengi wanaotumia siku chache watoto wao hawapati kitu, na tezi iliyozubaa kwa sababu hii kwa kawaida inaamka yenyewe madini yakikatwa. Kinachotakiwa ni uache leo, na ukienda kliniki na mdogo umwambie nesi na daktari waziwazi kwamba umesukutua povidoni wiki mbili, wao wataamua kama wampime damu ya tezi. Wewe nyumbani angalia kama amekuwa mzito, analala kupita kawaida hata kunyonya inabidi umwamshe, choo kigumu, ngozi imekauka, sauti ya kulia imekuwa nzito. Ukiona hivyo usisubiri tarehe ya kliniki.

Na lile wazo la kumwachisha ziwa, mdogo wangu, hebu tuliweke vizuri mezani. Umelipanga kama vile dawa ya koo ni lazima na ziwa ndilo la kuchagua. Mimi naona ni kinyume, ziwa lina kazi kubwa kwa huyo mtoto na dawa ya koo kwa sasa sioni inakufanyia nini. Ila uamuzi wa ziwa ni wako, tu usiuchukue kwa sababu ya hii chupa.

Manake swali ambalo sijaona mtu akikuuliza ni hili, nani alikuambia koo lako lina vijidudu? Miezi mitatu linawasha, kila siku ukitoka darasani, huna homa, hujataja maumivu ya kumeza. Bakteria wa koo hawakai hivyo, hawasubiri kengele ya mwisho. Mimi nawaza sauti. Nawaza darasa la watoto 90 unalipigia kelele toka saa moja na nusu, nawaza vumbi la chaki, nawaza maji hunywi kwa sababu huna pa kumwacha darasa uende chooni. Kuna pia ile ya tindikali kupanda kutoka tumboni usiku, unaamka koo linawaka na mdomo mchungu, hasa kama unakula saa nne usiku ukalala saa nne na nusu, na wenye watoto wachanga ndivyo wanavyokula. Kuna mzio wa pua, kamasi zinashuka nyuma ya koo. Zote hizi hakuna hata moja inayosikia klorheksidini wala povidoni, na kila moja ina njia yake. Ukienda na mtoto hospitali naomba na wewe ufungue faili lako siku hiyohiyo, na kama sauti imekuwa ikikwaruza zaidi ya wiki tatu mfululizo uombe uangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu meno, hilo nakutoa wasiwasi. Klorheksidini ina sifa moja nzuri inayogeuka kuwa shida, inanata. Ukishatema inabaki imeshika kwenye meno na nyama za mdomo kwa saa nyingi, ndiyo maana daktari wa meno aliipenda kwa kidonda chako cha gego, wiki moja ilikulinda pale na alikuwa sahihi kabisa. Lakini kinachonata kinashika na vingine, rangi ya chai, kahawa, inajibandika juu yake siku hadi siku, ndiyo hayo madoa ya kahawia. Siyo kuoza. Yako juu ya jino, hayatoki kwa mswaki lakini daktari wa meno anayasugua kwa mashine kwa kikao kimoja mara nyingi, usije ukayakwangua kwa sindano au kuyasugua kwa magadi na ndimu utakula jino lenyewe. Ile chumvi nayo ni hiyohiyo, dawa hii inazubaisha ulimi hasa kwa ladha ya chumvi, kwa hiyo mumeo ana haki na wewe una haki, chakula kina chumvi nyingi kweli na wewe huisikii kweli. Ukiacha, ladha inarudi ndani ya siku au wiki chache. Mpaka hapo pima chumvi kwa kijiko kama ulivyokuwa unapima zamani, usionje.

Siku ukiandikiwa tena kwa jino au fizi, itumie hivi. Ya asilimia 0.2, mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, kwa zile siku ulizoambiwa na isizidi wiki nne. Piga mswaki kwanza, suuza povu lote la dawa ya meno, subiri kama nusu saa ndipo usukutue, kwa sababu dawa nyingi za meno zina vitu vinavyoifunga klorheksidini isifanye kazi. Baada ya hapo kaa bila chai kwa muda. Usimeze. Ikikuchoma au mashavu yakavimba chini ya masikio acha. Na nadra sana ila ipo, mtu anatumia halafu anavimba midomo, anawashwa mwili mzima, pumzi inabana, huyo ni hospitali mbio na asiiguse tena maisha yake yote, wala ya kupaka. Lile dumu la klorheksidini la kuoshea vidonda au vifaa, hilo kali, halihusiki na mdomo hata kwa kuchanganya.

Kwa watu wengine wanaosoma hapa, mwenye rovu au tatizo lolote la tezi, mjamzito, anayetumia lithiamu, mwenye mzio wa madini joto, povidoni ya kusukutua wasiianze bila kuuliza. Na mwenye tezi anayemeza kabimazoli akipata koo na homa hata ya siku moja asisukutue chochote kwanza, aende akapimwe damu, kwa sababu kabimazoli mara chache inaweza kumaliza chembe nyeupe za damu na koo ndiyo dalili yake ya kwanza.

Utaniuliza basi koo likiuma nifanye nini. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua tema, hata mara nne tano kwa siku. Haiui ugonjwa lakini inatuliza na haina madhara kwa mtoto ziwani. Parasetamoli kwa maumivu, unanyonyesha na unaruhusiwa. Asali kijiko kwa mkubwa, siyo kwa mdogo, chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku. Na hili la maji siyo la kuliona dogo. Kule Japani watu wana desturi ya kusukutua koo wakirudi nyumbani, na madaktari wao waliwahi kulipima jambo hili kwa watu wazima wenye afya 387 majira ya baridi ya 2002 kuingia 2003, kundi moja likasukutua maji matupu, lingine povidoni, lingine likaendelea na kawaida yake. Waliosukutua maji walipata mafua na makoo machache kuliko wenzao, waliotumia povidoni hawakuachana sana na wale ambao hawakubadilisha chochote. Ile ilikuwa kuzuia, siyo kutibu, na ni utafiti mmoja, lakini inanifanya nisione haya kumwambia mtu atumie maji.

Sasa mama. Hapa sina dawa ya kipimo mwalimu, wewe ndiye unayemjua.

Kuna njia ya kumwachia mumeo aongee na mama yake. Mtoto wa kumzaa akisema hasikiki kama dharau. Hatari yake ni kwamba mumeo mwenyewe bado anaamini chupa imefanya kazi, atafikisha ujumbe nusunusu, "mke wangu hataki", na lawama itarudi kwako ikiwa imekua. Ukichagua hii anza na yeye kwanza, mwonyeshe magoti ya mwanawe jioni akiwa amekaa, mwambie aguse mwenyewe.

Kuna njia ya kuificha chupa na kusema imeisha. Naielewa, wengi wanafanya. Lakini mama anajua njia ya duka la dawa kuliko wewe, na akigundua ndiyo utakuwa umemdharau kweli.

Na kuna njia ya kwenda naye. Unamwambia, mama wewe ulifanya kazi wodini, twende wote na mjukuu wako ukamweleze daktari jinsi koo lilivyokuwa maana wewe ndiye uliyemuuguza. Na hilo ni kweli, siyo ujanja, yeye ndiye aliyekaa naye siku nne, anajua homa ilishuka lini na weupe ulikuwa upande gani, daktari anazihitaji habari hizo. Chukueni na ile chupa. Hatari ni mkutane na daktari asiye na staha amfokee mama mbele yako, hiyo itauma nyumba nzima kwa muda mrefu. Ukiona hivyo ingilia kati mwenyewe, sema mbele ya wote kwamba mama ndiye aliyekaa macho na mtoto. Mama wa wodini wa enzi zile anajua pia watoto wa moyo, aliwaona wakihema vitandani na sindano yao ya penisilini kila mwezi, pengine hakuna atakayeelewa neno rumatiki haraka kuliko yeye. Pengine pia atakasirika siku mbili. Wewe ndiye utakayekula naye sahani moja baada ya hapo kwa hiyo pima mwenyewe.

Nyumbani bado anaweza kubaki na kazi ya kusukutua. Glasi ya maji ya chumvi ya mjukuu akiwa na koo iwe mkononi mwake, apime yeye, ahesabu yeye sekunde, na yeye ndiye awe wa kwanza kusema hili lina weupe, hili halina kikohozi, tunakwenda. Chupa ya povidoni irudi kwenye kisanduku cha vidonda, siku mtoto akikwaruzwa na hilohilo goti la mpira itapata kazi yake.

Ukishatoka hospitali niandikie walisema nini kuhusu magoti, na kama walisikiliza moyo tu au walimpiga na eko, ile picha ya moyo. Kama daktari alikusikiliza nusu akakuambia ni mpira bila kugusa kifua, rudi, au nenda hospitali ya mkoa, na unaruhusiwa kabisa kutaja neno homa ya rumatiki wewe mwenyewe, mzazi hakatazwi. Zile mara tatu toka Januari uzitaje kila unapoingia chumba kipya.